Ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kuchora

Hotuba kwa wapiga picha na wabunifu vijana, Mombasa

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Wapiga picha, wapambaji, wachapishaji wa kadi, na nyinyi wanafunzi mliojibana kule nyuma, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya watu kuchukua picha za rafiki zao na kuzigeuza michoro kwa akili unde. Nitakaa kwenye kisa kimoja tu, cha kupamba, kwa sababu kazi yangu ni kupiga picha kwenye harusi za wanawake na huko ndiko ninakoona mambo haya yakiwaumiza watu waliopendana. Majina sitayataja, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili wahusika wasijulikane.

Nyinyi wa Mombasa mwajua kupamba kulivyo. Ukumbi ni wa wanawake watupu. Mabuibui yamevuliwa mlangoni, nywele zimetengenezwa, bibi harusi amekaa kwenye jukwaa na hina yake, na kila mmoja yu huru kwa sababu anajua macho yaliyomo ni ya wanawake wenzake. Ndiyo sababu nyumba nyingi hukusanya simu mlangoni, na zile zisizokusanya husimamisha mtu wa kuangalia nani ameinua simu. Mpiga picha anayeingia ni mwanamke, na picha zake anamkabidhi bibi harusi mwenyewe au mama yake.

Katika kisa changu, bibi harusi alimwita rafiki yake wa tangu shule akamwambia, "Njoo tupige moja, lakini isitoke kwako." Rafiki akapiga, na ahadi akaishika. Ile picha hakumtumia mtu yeyote. Baada ya fungate akataka kumtunza rafiki yake kitu kizuri. Akaitia ile picha kwenye programu ya kuchora, akaiagiza itengeneze mchoro wa rangi za mafuta kama za zamani, nyuma uwepo mlango wa Lamu wa kuchongwa, na uso ubaki vilevile. Kilichotoka kilikuwa kizuri kweli, mimi mwenyewe nilikiona. Akakiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp pamoja na dua na pongezi.

Kabla ya isha mchoro ulikuwa umefika kwenye kundi la wajomba wa mume. Shemeji wa bibi harusi alimtambua mara moja: uso wake, nywele zake zilizofumwa, shingo na mabega. Bibi harusi akapiga simu analia. Rafiki, naye akilia, akamjibu neno ambalo nimelisikia mara nyingi tangu hapo: "Lakini si picha yako. Ni mchoro tu."

Hilo neno "mchoro tu" ndilo nataka tulichunguze jioni hii. Rafiki yule hakuwa mwongo wala hakuwa na nia mbaya. Aliamini kwamba picha ikishageuzwa mchoro inakuwa kitu kingine, na masharti ya picha hayakifuati. Watu wengi wanaamini hivyo. Mwezi wa Machi 2025, ChatGPT ilipopata uwezo mpya wa kutengeneza picha, kwa siku chache mitandao ilijaa picha za familia zilizogeuzwa katuni. Mwisho wa Agosti mwaka huohuo ikaja ile ya Google inayoitwa Nano Banana, watu wakawageuza rafiki zao vinyago vya plastiki ndani ya sanduku. Wengi walitumia nyuso za watu wengine, na wachache sana niliowasikia walimwuliza mwenye uso kwanza.

Tuone basi mashine inafanya nini na ule uso.

Picha unayoipakia huondoka kwenye simu yako na kwenda kwenye seva ya kampuni. Huko hugeuzwa kuwa namba. Mifumo mingi ya kuchora, Stable Diffusion kwa mfano, huichafua picha yako kwa chengachenga, kisha huanza kuzisafisha chengachenga hizo hatua kwa hatua huku ikifuata maagizo uliyoandika. Kwenye Stable Diffusion kuna kipimo kinachoitwa `denoising strength`, kinachokwenda kutoka 0 hadi 1. Ukikiweka karibu na 0.3, mchoro unashikamana na picha yako: mkao ni uleule, uso ni uleule, kilichobadilika ni rangi na mguso wa brashi. Ukikipandisha hadi 0.8, picha ya mwanzo inabaki kama dokezo tu, na uso unaotoka unaweza kuwa wa mtu asiyekuwepo duniani.

Sasa jiulizeni, mtu anayemtengenezea rafiki yake zawadi anataka ipi? Anataka afanane. Zawadi isiyofanana na mwenyewe haina maana. Kwa hiyo vifaa vimetengenezwa vishike kufanana huko kwa nguvu zote. InstantID, iliyotolewa mwanzoni mwa 2024, inahitaji picha moja tu ya mtu. Kutoka kwenye picha hiyo inachota safu ya namba 512 zinazoeleza uso wake, kisha inaulazimisha mchoro uzifuate, hata ukibadilisha nguo, mahali na mtindo. Namba za aina hiyo ndizo zinazotumiwa na mifumo ya kutambua nyuso. Si kila programu hufanya kwa njia hii, lakini shabaha ni moja.

Ndiyo kusema, mchoro wa aina hii unatupa vitu vingi vya picha ya awali: taa ya ukumbi, ukuta, kitambaa, viti. Kitu kimoja ambacho umeagizwa usikitupe ni uso wa mtu. Na uso ndio bibi harusi aliokuwa akiuhifadhi aliposema isitoke kwako. Rafiki alipoandika "uso ubaki vilevile," aliagiza kwa mkono wake kwamba kile kilichokatazwa kutoka ndicho kitoke.

Kuna jaribio dogo ninalowafundisha wasaidizi wangu. Mwonyeshe mchoro mtu anayemjua mhusika, usimtajie jina, usimwambie umetoka wapi. Akisema "Huyu si fulani?" basi mchoro huo ni wa fulani, na masharti yote ya picha ya fulani yako juu yake. Katika kisa chetu shemeji alilifanya jaribio hilo bila kuombwa.

Sheria yetu inafuata njia hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haizungumzi juu ya picha dhidi ya mchoro. Inazungumza juu ya habari zinazomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Mchoro unaomtambulisha mtu umo humo. Na idhini sheria hiyo imeieleza kwa masharti: iwe wazi, itolewe kwa hiari, iwe ya jambo mahsusi, na mtoaji awe amearifiwa anakubali nini. Sharti la umahsusi ndilo lililovunjika kwenye kisa chetu. Bibi harusi aliruhusu picha moja, ibaki kwenye simu moja. Hakuulizwa juu ya seva, wala mchoro, wala stetasi.

Niwe mkweli hapa, kwa sababu kuna wanaotishana kwa sheria bila kuisoma. Kifungu cha 51 kinaacha nje mambo ambayo mtu binafsi anafanya kwa shughuli za nyumbani au za kibinafsi tu. Ukimchora rafiki yako ukamwonyesha yeye na dada yenu sebuleni, sidhani kama Kamishna wa Data atakuja kubisha. Lakini ukiutoa mchoro hadharani, au ukautia kwenye ukurasa wa biashara yako kama sampuli ya kazi, kinga hiyo inakuponyoka. Mnakumbuka Septemba 2023: baa moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Yule mteja wa baa alikuwa mahali pa hadhara, na hata hivyo kuwepo kwake pale hakukuhesabiwa kuwa ruhusa. Wenzetu wa Tanzania nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo mnaofanya harusi za Tanga na Unguja msidhani mkivuka Lungalunga mmeacha mambo haya nyuma.

Ila mimi sikuja kuwazungumzia faini. Rafiki wa kisa chetu hakutozwa hata senti, na alichokipoteza ni kikubwa kuliko hizo milioni.

Nataka tukae kwenye namna ya kuomba, kwa sababu hapo ndipo penye kazi. Kwa ninavyoona mimi, ndani ya mchoro mmoja kuna ruhusa tatu, na kila moja inaweza kukubaliwa au kukataliwa peke yake.

Ya kwanza ni ruhusa ya kuutia uso wake kwenye mashine. Hii huombwa kabla ya kupakia. Nasisitiza kabla, kwa sababu watu wengi hutengeneza kwanza kisha humtumia rafiki matokeo na kuuliza, "Umeupenda?" Hapo umeshampitisha. Picha yake imeshafika kwenye seva ya watu asiowajua, na pengine mipangilio ya programu yako inaruhusu unachopakia kitumike kuifundisha mashine. Kwenye ChatGPT, kwa mfano, kuna sehemu ya Data Controls yenye swichi iliyoandikwa "Improve the model for everyone." Ikiwa imewashwa, mazungumzo na picha zako zinaweza kutumika hivyo. Swichi hiyo ni yako, iko kwenye simu yako, na uso ni wa mwenzako. Izime kabla hujafanya lolote na picha ya mtu mwingine, kisha umwambie umeizima. Programu ndogondogo za bure ambazo hazisemi kabisa picha zinakaa wapi na kwa muda gani, mimi sizitumii kwa uso wa mtu mwingine, hata mchoro wake uwe mzuri namna gani.

Ya pili ni ruhusa juu ya sura atakayotokea nayo. Mtu akikubali achorwe hajakubali kila kitakachotoka. Mashine ikikosa jambo hulibuni, na hubuni kwa kufuata picha ilizoziona kwa wingi. Nimeona ikiweupisha uso wa binti mweusi. Imefuta alama ya kuzaliwa shavuni, ikaziba mwanya ambao mama yake mtu anajivunia. Na jambo ambalo kwetu hapa ni zito: mwanamke anapakiwa akiwa na shungi lake, mashine inamtoa na kishungi cha nywele kikichungulia kwenye paji la uso, au shungi limegeuzwa utepe na nywele zote ziko nje. Nywele hizo si zake, zimebuniwa. Lakini anayeziona juu ya uso wake atazitambua vipi kuwa si zake? Nje ya kwetu pia yametokea. Desemba 2022, programu ya Lensa ilipopendwa sana, wanawake wengi walilalamika kwamba walipakia selfi za kawaida wakarudishiwa sura zao zikiwa nusu uchi, na hawakuwa wameagiza hivyo.

Kwa hiyo mwenye uso aone mchoro kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye wa kwanza, si mama yako, si kundi la kamati. Na aonyeshwe ule hasa unaokusudia kuutumia, kwa sababu ukiuagiza tena hata kwa maneno yaleyale utatoka mwingine. Ukiubadilisha baada ya yeye kukubali, hata kama ni kuukuza kidogo au kubadilisha rangi ya nyuma kwa mashine ileile, mrudishie auone tena. Mkirudi nyumbani jaribuni: kubalini mchoro mmoja, halafu iagizeni mashine ibadilishe pazia peke yake, kisha mtazame macho kama ni yaleyale.

Ya tatu ni ruhusa ya mahali utakapokwenda. Kwa rafiki peke yake, kwa marafiki wanne, kwenye stetasi, kwenye kadi ya kuchapishwa, kwenye ukurasa wa biashara. Hizi si hatua za ngazi moja ambazo aliyeruhusu ya chini ameruhusu na ya juu. Nimeona mtu akifurahia kuchapishiwa mchoro wake na kuutundika chumbani, akakataa kabisa usiende mtandaoni, na haki ni yake.

Rafiki wa kisa chetu angeweza kuandika ujumbe mmoja tu, mambo yakawa mengine. Ningemwandikia hivi:

"Dada, natamani kukutunza mchoro wa akili unde. Nataka kutumia ile picha yako ya Mama Ngina uliyovaa shungi la samawati, si ya kupamba. Nitaitia kwenye ChatGPT, na nimezima isitumike kufundishia. Kitakachotoka utakiona wewe kwanza. Ukikipenda ningeomba nikiweke stetasi siku moja, na kama hutaki kitabaki chako. Nijibu kila jambo peke yake, na ukisema la hakuna neno kati yetu."

Angalieni ujumbe huo umebeba nini. Umetaja picha ipi, na kwa kuitaja umeiondoa ile ya kupamba kabla hajaingiwa na wasiwasi. Umetaja mashine ipi. Umemwahidi kuona kwanza. Umetenganisha kutengeneza na kusambaza, ili aweze kukubali moja na kukataa nyingine bila kuona haya. Na umemfungulia mlango wa kukataa. Hilo la mwisho kwa watu wetu lina uzito mkubwa, kwa sababu sisi ni watu wa kusitiriana. Rafiki akikujia amejaa furaha na mchoro mkononi, unaona aibu kumwambia hutaki. Unasema "ahsante, mzuri" na moyo umekataa. Ukimwuliza mapema, kwa maandishi, akiwa peke yake, unampa nafasi ya kusema la bila kukutazama usoni.

Naambiwa kila mara: "Lakini ilikuwa iwe zawadi ya kushtukiza! Nikimwuliza nitaharibu." Naelewa utamu wa kumshtukiza mtu. Basi ficha kingine. Mwulize miezi mitatu kabla, siku isiyo na sherehe, kama kwa jumla anakubali uso wake utiwe kwenye mashine hizi na angependa picha gani itumike. Siku ikifika bado hatajua umeagiza mtindo gani, umechapisha kwenye nini, unampa saa ngapi. Mpe mkononi, mkiwa wawili, aone yeye kabla ya watu. Na kama huwezi kabisa kuuliza bila kuharibu, mtunze kitu ambacho hakihitaji uso wake: mchore mlango wa nyumba yao, au mashua ya babu yake, au mwandikie jina lake kwa hati nzuri.

Wengine huniambia, "Dada yake aliniruhusu." Dada ana uso wake, na huo ndio anaoweza kuuruhusu. Bibi harusi ni mtu mzima. Mama yake, mume wake, mwenyekiti wa kamati, wote hawa wanaweza kukushauri kama atapenda au la, na ushauri wao usikilize, lakini jibu la ndiyo litoke kwake.

Na kuna wanaotuma ujumbe, wanaona alama mbili za buluu, wanasubiri siku moja, kisha wanasema amenyamaza maana yake amekubali. Kuna mzee aliwahi kunijengea hoja kwa idhini ya ndoa, kwamba binti akinyamaza ameridhia. Kwa heshima nilimjibu hivi: pale binti anaulizwa na walii wake, ana kwa ana, juu ya jambo moja alilolielewa, na watu wanamtazama kama analia au anatabasamu. Ujumbe wa simu hauna hayo. Mfano ulio karibu zaidi ni hodi. Tumefunzwa tangu utotoni kwamba unabisha hodi mara tatu, na usipoitikiwa unarudi ulikotoka hata kama taa unaiona inawaka ndani. Alama za buluu ni ile taa. Zinakuonyesha kwamba mtu yumo, lakini hajakwambia karibu.

Kwa nyinyi mnaofanya biashara nitapita haraka. Kwenye makubaliano yenu na mteja wekeni mstari wa peke yake juu ya akili unde, wenye nafasi ya ndiyo na ya la, usifichwe ndani ya ule wa picha za kawaida. Jibu lake lihifadhini. Kifungu cha 32 cha ile sheria yetu ya Kenya kinamtwika anayetumia data mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa, kwa hiyo pakitokea mzozo hamtaulizwa "alikataa lini?" bali "alikubali wapi?"

Kifungu hichohicho kinasema idhini inaweza kuondolewa wakati wowote. Na hapa kuna sehemu ngumu, maana ni lazima tumwambie mwenye uso ukweli juu ya kinachoweza kurudishwa na kisichoweza.

Tuseme mchoro umewekwa stetasi na sasa hautakiwi. Ufute hapohapo, usingoje saa 24 zake ziishe. Tazama orodha ya walioiona, kwa kuwa WhatsApp inakuonyesha kabla hujafuta, na piga skrinshoti ya orodha hiyo ili ujue uzungumze na nani. Wapigie, usiwaandikie kwenye kundi, maana tangazo la "tafadhali futeni mchoro wa fulani" linawafanya na wale ambao hawakuuona waende kuutafuta. Kisha ufute kwenye simu yako, kwenye hifadhi ya mtandaoni inayojaza picha zako yenyewe, na kwenye kapu la takataka la hifadhi hiyo. Halafu rudi kwenye programu ya kuchora, ufute mazungumzo yote yaliyokuwa na ile picha, picha uliyopakia pamoja na michoro iliyotoka. ChatGPT husema mazungumzo yaliyofutwa huondolewa kwenye mifumo yake ndani ya siku 30, isipokuwa pale sheria au usalama unapohitaji yabaki. Gemini ya Google husema mazungumzo yaliyochukuliwa yakaguliwe na watu huweza kubaki hadi miaka 3 hata ukifuta shughuli zako. Na kama picha ilishatumika kufundishia mashine, wewe huna kitufe chochote cha kuitoa humo.

Baada ya yote hayo, usimwambie mwenye uso "imefutika." Mwambie: nimefuta hapa na hapa, waliouona ni hawa, hawa nimezungumza nao, huyu mmoja hajapokea simu, na kwenye seva itachukua muda huu. Rafiki wa kisa chetu alifanya hivyo, jina kwa jina, na orodha akampelekea bibi harusi. Bibi harusi aliomba na ile picha ya kupamba ifutwe kabisa, ile aliyokuwa ameiruhusu mwenyewe. Ikafutwa mbele yake. Wanasalimiana, lakini mimi naona hawajarudi walipokuwa.

Jambo la mwisho kabla sijawapa nafasi ya kuuliza ni wale walioko pembeni ya picha. Picha za harusi hazina mtu mmoja. Nyuma ya bibi harusi kuna shangazi amejifunga kanga, na kuna mtoto wa jirani ameshika sahani. Ukiipakia picha nzima, nyuso zote hizo zimekwenda, hata kama mchoro utakaotoka una mtu mmoja. Kwa hiyo kata kwanza, pakia baadaye. Na angalia unavyokata: simu nyingi, iPhone mojawapo, huhifadhi picha nzima chini ya ile iliyokatwa ili uweze kuirudisha. Njia nyepesi ni kuikata, kisha kuipiga skrinshoti, na kupakia hiyo skrinshoti. Kwa kufanya hivyo unaiacha nyuma na ile habari ya mahali ilipopigwa, ambayo kamera ya simu huiandika ndani ya faili. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida habari hiyo huondolewa, lakini ukiituma kama faili la hati, kama tufanyavyo wengi ili isipoteze ubora, inakwenda nayo yote, pamoja na nyumba ya watu ilipo.

Watoto msiwapakie bila mzazi au mlezi kukubali, na sheria kwenye kifungu cha 33 inataka pia jambo lenyewe liwe na maslahi kwa mtoto. Kwenye harusi zangu mimi nimeamua watoto siwatii kwenye mashine hata mzazi akiniomba, nao wazazi wameshanizoea.

Nina muda wa maswali. Dada pale mbele aliyeinua mkono tangu nilipotaja kadi za kuchapisha, karibu.